Boti zilipoijaza seva ya wachezaji wa Tanga, na kizuizi kilichowafungia wenyeji nje

Seva ninayoizungumzia ni ya Minecraft, toleo la Java, na inaendeshwa na mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja hapa Tanga mjini. Ilianza kama kazi ya klabu ya shule, kisha ikapokea vijana wa mitaani: Ngamiani, Chumbageni, Makorora, mpaka Pongwe. Ndani yake wamejenga stesheni ya reli, gati za bandari na mapango ya Amboni yenye njia za chini kwa chini ambazo mgeni akiingia bila mwenyeji hatoki. Mashine ni ya kukodi, iko nje ya nchi, na nafasi za wachezaji ni 60. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika kuisimamia. Nakiandika kisa hiki kwa sababu dawa ambayo karibu kila fundi huitaja kwanza, yaani kubana kasi ya kila anwani ya IP, kwetu ilifanya kinyume cha ilivyokusudiwa, na sababu yake ni namna watu wa huku wanavyoipata intaneti.

Ijumaa moja baada ya isha, muda ambao vijana wengi huingia, mwanafunzi mmoja alimwandikia mwalimu: "Shikamoo mwalimu. Seva inasema imejaa, na sisi hatumo hata mmoja." Mwalimu akanipigia, nikafungua konsoli. Mistari ilikuwa inapita haraka kuliko jicho, yote ya sura moja:

```
xK3mPq91[/203.0.113.44:51822] logged in with entity id 4127
vT8rLw02[/198.51.100.7:40316] logged in with entity id 4128
```

(Anwani nimezibadilisha.) Majina yalikuwa na urefu uleule, herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo, na kila moja lilikuja kutoka anwani yake. Hizo ni boti: programu zinazojifanya mchezaji, zinagonga mlango, zinaingia, zinakaa, zinatolewa, zinarudi kwa jina jingine. Aliyezituma hatukumjua, wala kazi iliyokuwa mbele yetu haikuhitaji tumjue.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote kuna swali moja la kujibu: kilichozidiwa ni bomba la mtandao au ni programu ya seva? Majibu yake yana matibabu tofauti kabisa. Mimi hutazama vitu viwili. Kwanza, nikiandika amri kwenye SSH, njia ya kuiendesha mashine kwa mbali, herufi zinatokea papo hapo au zinachelewa? Pili, kwenye orodha ya seva ndani ya mchezo, seva yetu inaonekana na idadi ya waliomo, au inakatika? Usiku ule SSH ilikuwa nyepesi na orodha ilionyesha 60/60 mara moja. Kwa hiyo bomba lilikuwa salama. Lingekuwa limejaa, hakuna mpangilio wowote ndani ya mashine yetu ambao ungesaidia, kwa sababu paketi zinakuwa zimeshaziba njia kabla ya kutufikia. Hapo ni mwenye mashine wa kule tunakokodi ndiye anayeweza kuzichuja juu zaidi.

Sasa, kwa nini seva ilijaa wakati boti hazikuwa nyingi kiasi cha kutisha? Seva yetu inatumia `online-mode=false`, yaani haiulizi huduma ya Mojang kama jina linaloingia ni la akaunti iliyonunuliwa. Badala yake tuna plagini ya AuthMe: ukiingia, unasimama pale pale bila kuweza kutembea mpaka uandike `/register` ukiwa mgeni au `/login` ukiwa mwenyeji. Asiyefanya hivyo ndani ya sekunde 30 anatolewa. Mwalimu aliitegemea hiyo kama uhakiki, na kwa kuzuia wizi wa majina inafaa sana. Lakini huo uhakiki unafanyika ndani, mtu akiwa ameshapewa nafasi. Ni daladala ambayo kondakta anaanza kudai nauli abiria wakiwa wameshakaa: asiye na nauli atashushwa, ila kituo kizima wenye nauli wamebaki wamesimama.

Hesabu yake ni fupi. Idadi ya nafasi zinazokaliwa ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Boti 2 kwa sekunde, kila moja ikikaa sekunde 30, zinakalia nafasi 60. Basi, seva yetu yote imekwisha kwa boti 2 tu kwa sekunde. Logi ilionyesha kasi inayozidi hiyo, lakini jambo la kuzingatia ni kwamba hata tungefaulu kuzipunguza nusu, wanafunzi bado wangeikuta imejaa. Ukiongeza `max-players` hadi 200 unahitaji boti kama 7 kwa sekunde, na boti 7 kwa sekunde si kazi ngumu kwa aliyezituma. Ukipunguza muda wa AuthMe kutoka sekunde 30 hadi 10 unaongeza ustahimilivu mara 3, lakini mtoto anayeandika nenosiri kwa kutafuta herufi moja moja anatolewa kabla hajamaliza. Upande wowote utakaouvuta, anayeumia ni mwenyeji.

Mwalimu alikuwa ameshafanya jambo moja kabla sijafika, na ndilo lililokifanya kisa hiki kiwe cha kuchambuliwa. Katika `bukkit.yml` kuna mpangilio uitwao `connection-throttle`. Thamani yake ya kawaida ni 4000, yaani milisekunde 4000. Anwani ya IP iliyojaribu kuingia haipokelewi tena mpaka sekunde 4 zipite, na anayerudi mapema anaona maneno "Connection throttled! Please wait before reconnecting." Mwalimu aliipandisha hadi 15000. Fikra yake ilikuwa ya kawaida: boti zinagonga mara nyingi, mtu anagonga mara moja, basi tukiongeza muda wa kusubiri tunaziumiza boti peke yake.

Tufanye hesabu ya upande wa boti kwanza. Kwa sekunde 4, anwani moja inaweza kuingia mara 15 kwa dakika. Mwenye boti akiwa na proksi 300, yaani mashine za kati ambazo boti hupitia ili kila moja ionekane na anwani tofauti, na orodha za proksi za bure zina anwani nyingi kuliko hizo, anaweza kuleta 4,500 kwa dakika, sawa na 75 kwa sekunde. Ukipandisha hadi sekunde 15, kila anwani inabaki na 4 kwa dakika, jumla 1,200, yaani 20 kwa sekunde. Imepungua sana, sawa, ila tulishaona kwamba 2 kwa sekunde zinatosha kutujaza. Ili zile proksi 300 zishuke chini ya 2 kwa sekunde, kila anwani ingepaswa kusubiri zaidi ya sekunde 150. Na mwenye boti akiongeza proksi hadi 1,000, unaanza upya.

Upande wa wanafunzi hesabu ni mbaya zaidi. Wengi wanacheza kwa kompyuta iliyounganishwa na hotspoti ya simu, na mitandao ya simu haimpi kila mteja anwani yake ya IPv4, maana anwani hizo zilikwisha zamani. Ndani ya mtandao wa simu mteja anapewa anwani ya ndani, mara nyingi kutoka fungu la `100.64.0.0/10` lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, kisha wateja wengi wanatokea duniani wakiwa nyuma ya anwani moja ya pamoja. Seva iliyoko nje inawaona wote kama mtu mmoja. Vijana 12 wa Tanga walio kwenye mtandao mmoja wa simu wanaweza kabisa kuwa anwani moja, na waliokusanyika kwenye chumba cha kompyuta cha shule ndio hakuna shaka, kwa sababu wote wanapita kwenye ruta moja.

Ungedhani vijana 12 kwa sekunde 15 kila mmoja watamaliza kuingia ndani ya dakika 3. Hapana. Kizuizi hiki cha seva za jamii ya Bukkit, Paper tunayoitumia sisi ikiwemo, kina tabia ambayo usipoijua utaona uchawi: hata jaribio lililokataliwa linaandika upya muda wa mwisho wa anwani ile. Juma akikataliwa, saa inaanza tena sifuri. Sekunde 5 baadaye mwenzake anajaribu, anakataliwa, saa inaanza tena. Wakiwa 12, kila mmoja akibonyeza kila baada ya nusu dakika kwa wakati wake, anwani yao inapata jaribio moja kila sekunde 2 na nusu kwa wastani. Ukimya wa sekunde 15 hautokei. Wanaweza kukaa saa nzima bila hata mmoja kuingia, na kila anayeongeza juhudi anawafungia wenzake. Boti, ambazo kila moja ina anwani yake na inarudi baada ya muda mrefu, hazikuguswa.

Mwalimu hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameomba logi imwonyeshe anwani zinazogonga zaidi, na hii ndiyo amri ambayo wengi wetu tungeiandika:

```
grep "logged in with entity id" logs/latest.log \
 | grep -oE '/[0-9.]+:' | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Inahesabu kila anwani imeingia mara ngapi na kuweka yenye idadi kubwa juu. Anwani ya kwanza ilikuwa imeizidi ya pili kwa mbali sana. "Huyu ndiye," aliniambia, na kidole kilikuwa tayari kwenye `ban-ip`. Nikamwomba asubiri kidogo, "Mwalimu, tuangalie kwanza majina yaliyopita hapo." Tulipotafuta anwani ile kwenye logi tukakuta majina tunayoyajua: mjenzi wa gati, mabinti wawili wanaolima mkonge wa kwenye mchezo, mtoto wa Makorora anayekatika mtandao kila dakika chache na kurudi. Ilikuwa anwani ya pamoja ya mtandao wa simu. Angeifungia, angewatoa nusu ya wenyeji kwa amri moja, na boti zisingepungua hata moja.

Orodha ile ilikuwa sahihi, ila ilikuwa inajibu swali jingine. Shambulio lililotawanywa kwenye proksi lina alama iliyo kinyume: anwani nyingi mno, kila moja ikiwa na mara 1 au 2. Kwa hiyo badala ya kutazama kichwa cha orodha tulihesabu ni anwani ngapi zina mara 1 tu, tukalinganisha na logi ya Ijumaa iliyopita. Hapo shambulio likaonekana wazi. Alama za pili tulizozitumia ni za mwenendo: jina halijawahi kuonekana kabla ya usiku ule, mchezaji hageuzi hata kichwa baada ya kuingia, na anatoka sekunde ya 30 kamili kwa sababu AuthMe imemtoa. Mtu hatoki hivyo. Mtu anajaribu nenosiri, anakosea, anauliza wenzake kwenye gumzo.

Cha kwanza tulichofanya usiku uleule kilikuwa cha kuzuia damu, na kina gharama yake. Tuliwasha orodha ya wanaoruhusiwa kwa `whitelist on`, tukiwa tumeshaingiza majina yote yaliyosajiliwa AuthMe kabla ya siku ile. Kwanini kabla ya siku ile? Kwa sababu boti kadhaa zilikuwa zinajua kuandika `/register` zenyewe, na majina yao yalikuwa yameshaingia kwenye hifadhidata. Uzuri wa orodha hii ni mahali inapokaa: jina linakaguliwa wakati wa kuingia, kabla ya nafasi kutolewa na hata kabla ya seva kuuliza kama imejaa. Boti inakataliwa kwa gharama ndogo sana, na muda wake wa kukaa unakuwa karibu sifuri. Katika ile hesabu ya kasi mara muda, tumeacha kasi kama ilivyo na kuua muda. Mara baada ya hapo tukarudisha `connection-throttle` chini, na vijana wakaanza kuingia.

Kuna kitu kidogo kilichotusumbua hapo. Kwenye seva ya `online-mode=false`, kitambulisho cha UUID cha mchezaji kinatengenezwa kutokana na jina lake tu, kwa herufi zake kama zilivyo. Jina lenye herufi kubwa mwanzoni na lilelile lenye herufi ndogo ni watu wawili. AuthMe huweka jina kwa herufi ndogo kwenye safu moja na jina halisi kwenye safu nyingine, na ukichukua safu isiyo sahihi utaruhusu watu ambao hawapo na kuwakataa waliopo. Chukua `realname`.

Gharama ya orodha ni kwamba wageni hawaingii. Kwa usiku mmoja inavumilika, lakini seva ya jamii isiyopokea mgeni inakufa polepole, na mwalimu alilisema hilo kwa uchungu: kila muhula kuna kidato kipya. Tulihitaji uhakiki unaoweza kumpokea mgeni bila kumpa nafasi kabla hajathibitika.

Uhakiki mkali kuliko wote upo tayari, nao ni `online-mode=true`. Seva inaiuliza huduma ya Mojang kama aliyeingia ni mwenye akaunti, na boti yenye jina la kubuni inaishia kwenye "Failed to verify username!" bila kuona ulimwengu. Mchezo huu ni wa kulipiwa, na ambaye wachezaji wake wote wana akaunti aiwashe leo hii, asiendelee kusoma. Kwetu kulikuwa na mambo mawili. Si vijana wote wanaoweza kupata akaunti kwa sasa, na pia kuiwasha kunabadilisha UUID ya kila mtu. Mali ya mchezaji imehifadhiwa kwenye `world/playerdata` katika faili lenye jina la UUID yake. Siku ukibadilisha, kila mwenyeji anaingia akiwa mtupu kama mgeni, faili lake la zamani likiwa limekaa pembeni bila mwenyewe. Linahamishika, kwa kazi ya faili moja moja, na mwalimu amepanga kulifanya wakati wa likizo ndefu.

Kwa hiyo tukaweka proksi yetu wenyewe mbele, programu ya Velocity inayompokea mchezaji kwanza kisha kumpeleka kwenye seva, na kuirudisha seva ya Paper nyuma, kwenye mashine ileile. Mgeni anagonga Velocity. Paper inasikiliza ndani tu:

```
server-ip=127.0.0.1
server-port=25566
```

Mstari wa kwanza ndio uhai wa mpango mzima. Ukiusahau, Paper inabaki wazi kwa dunia kwenye mlango wa 25566, na boti zinaupata na kuigonga moja kwa moja bila kupitia uhakiki wa mbele. Upande wa Velocity:

```
bind = "0.0.0.0:25565"
online-mode = false
player-info-forwarding-mode = "modern"

[advanced]
login-ratelimit = 1000
```

Ile `modern` inafanya Velocity ipeleke jina, UUID na anwani halisi ya mchezaji kwa Paper ikiwa imetiwa sahihi kwa siri wanayoijua wawili hao, na kwa sababu UUID inatokana na jina kama zamani, hakuna aliyepoteza kitu. `connection-throttle` ya Paper tuliizima kwa kuiandika -1, kwani sasa miunganisho yote inatoka kwa proksi na kazi ya kubana kasi imehamia mbele.

Huko mbele tuliibana kwa ulegevu, kwa makusudi. `login-ratelimit` ya kawaida ni 3000, sisi tuliweka 1000. Na Velocity inahesabu tofauti na Paper: jaribio lililokataliwa halianzishi saa upya, kwa hiyo vijana 12 wa anwani moja wanaingia mmoja mmoja kila sekunde hata wakibonyeza kwa fujo. Kwenye ukuta wa moto tuliongeza kizuizi kimoja cha miunganisho mipya kwa kila anwani:

```
iptables -A INPUT -p tcp --dport 25565 --syn \
 -m hashlimit --hashlimit-name mc --hashlimit-mode srcip \
 --hashlimit-above 60/minute --hashlimit-burst 40 -j DROP
```

Namba hizo zinaonekana kubwa. Lakini kumbuka kwamba kila mchezaji anapofungua au kuonyesha upya orodha ya seva, mchezo unafungua muunganisho mpya wa TCP hata kama haingii. Darasa zima likifungua orodha kwa pamoja ni miunganisho kadhaa kwa sekunde chache. Kanuni hii ipo kwa ajili ya proksi moja yenye wazimu inayofungua mamia. Kuwatenganisha watu na boti si kazi yake.

Kazi hiyo ni ya plagini ya uhakiki iliyo ndani ya Velocity. LimboFilter na Sonar ndizo zinazojulikana, nasi tulichukua ya kwanza. Mgeni akigonga, hapelekwi Paper. Anawekwa kwenye ulimwengu mtupu unaoigizwa na proksi yenyewe, usio na matofali wala ardhi, na anaanguka. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Katika Minecraft anguko linahesabiwa na mchezo wa mchezaji mwenyewe, mara 20 kwa sekunde, na kila hatua unaongeza 0.08 kwenye kasi kisha unazidisha kwa 0.98. Hatua ya kwanza mchezaji anashuka tofali 0.0784, ya pili 0.1552, ya tatu 0.2305. Mchezo halisi hutuma namba hizo bila kukosea. Boti nyepesi, iliyoandikwa ili iweze kufunguliwa mamia kwenye kompyuta moja, haina fizikia: inasimama hewani, au inatuma namba ya kubuni, na inaondolewa bila kugusa nafasi hata moja kati ya zile 60. Akifaulu kuanguka, mgeni anapewa kapcha iliyochorwa kwenye ramani ya mchezo yenye pikseli 128 kwa 128, anaandika herufi anazoziona, anapita.

Mwalimu aliogopa kwamba intaneti yetu inayokatika ingewafelisha vijana kwenye anguko, na ni hofu inayostahili jibu kamili. Namba zinahesabiwa kwenye kompyuta ya mchezaji na zinasafiri kwa TCP, ambayo inahakikisha zinafika zote na kwa mpangilio. Mtandao mbovu unazichelewesha, au unazileta kumi kwa mpigo mmoja baada ya kimya, lakini haubadilishi thamani hata moja. Kwa hiyo kinachowafelisha ni ukomo wa muda peke yake. Tuliongeza muda wa uhakiki, na uvumilivu wa namba za anguko hatukuugusa, kwani kuulegeza huo ndiko kungezifungulia boti. Kwenye kapcha tuliondoa herufi zinazofanana, O na 0, I na 1, baada ya mtoto mmoja wa darasa la sita kufeli mara kwa mara akiwa hana kosa lolote.

Tatizo lililobaki gumu ni kumkumbuka aliyekwisha kuthibitika. Plagini inamkumbuka kwa jina pamoja na anwani. Anayecheza kwa bando, kila akizima data na kuwasha anaweza kuja na anwani nyingine, basi anaanguka tena na kusoma kapcha tena. Kumkumbuka kwa jina peke yake kungewapendeza, ila majina ya waliomo yanaonekana na yeyote anayeitazama seva kwenye orodha, na boti ikichukua jina hilo ingepita bila kuulizwa. Tuliyaficha majina hayo, lakini kwa seva ambayo imekuwa wazi muda mrefu tunachukulia kwamba yameshanakiliwa. Tulichoamua ni kuacha uhakiki ulale wakati wa utulivu na uamke wenyewe wageni wakizidi kizingiti kwa sekunde. Kizingiti tulikipata kwenye logi za zamani: tulitazama kasi kubwa kuliko zote ambayo watu wenyewe wamewahi kuingia nayo, ambayo ilikuwa ni mara baada ya seva kuwashwa upya na wote kurudi kwa pamoja, tukakiweka juu yake kidogo.

Wimbi lilirudi wiki iliyofuata, usiku uleule wa Ijumaa. Kwenye konsoli ya Velocity majina yalipita kwa mamia na kuishia kwenye anguko. Kwenye Paper, ukiacha sekunde chache za mwanzo, hakukuwa na mstari hata mmoja wao. Katika sekunde hizo, kabla kizingiti hakijavukwa, boti kadhaa ziliingia ndani na kukaa sekunde zao 30 mpaka AuthMe ikazitoa, na hilo ndilo bei ya kuuacha uhakiki umelala. Wenyeji wachache walilalamika kuhusu kapcha. "Mwalimu, mimi nimezaliwa humu, leo naulizwa herufi?" mmoja aliandika, na mwalimu akamjibu kwa upole kwamba ni usiku mmoja tu, avumilie.

Boti zinazojua fizikia zipo. Maktaba kama Mineflayer inahesabu anguko sawasawa na mchezo wenyewe, na boti iliyojengwa juu yake itafaulu hatua ya kwanza. Lakini kila moja inakula kumbukumbu na kichakato zaidi kwa mwenye kuituma, na bado inakutana na kapcha. Ile siku kapcha nayo itakaposomwa na mashine kwa wingi, tutarudi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, au tutakuwa tumeshahamisha mafaili ya UUID. Mwalimu ameanza na darasa lake mwenyewe, wale wenye akaunti, faili moja baada ya jingine, akiandika kwenye daftari jina la zamani, kitambulisho cha zamani na kipya.